Kulala Mlimani, Kukimbia Bondeni

Ndugu msomaji, iwapo siku moja utajaaliwa kufika katika jimbo la Utah, nchini Marekani, ishike barabara itokayo mji wa Salt Lake City kuelekea mashariki. Mji huo umekaa bondeni, karibu na ziwa la chumvi lililoupa jina lake, mita 1,250 hivi juu ya usawa wa bahari. Mara utaingia katika korongo la Parleys, milima kulia na milima kushoto, na barabara itapanda bila kupumzika hadi kwenye safu ya Wasatch. Kabla ya saa moja kutimia utakuwa umefika Deer Valley, mahali penye misitu na nyumba za wageni wanaokuja kuteleza juu ya theluji. Hapo ni mita 2,500. Shuka garini, ukwee ngazi za nyumba yoyote kwa haraka, nawe utahema kama mtu aliyebeba gunia.

Usidhani kuwa hewa ya mlimani ina mchanganyiko mwingine. Fungu la oksijeni ni lile lile la pwani, yaani sehemu 21 katika kila 100. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa sababu hewa iliyobaki juu ya kichwa chako ni kidogo. Kwa hiyo kila pumzi uivutayo huko huleta kifuani takriban robo tatu tu ya oksijeni ambayo ungeipata ufukweni.

Mwili haukubali upungufu huo ukae hivi hivi. Figo ndizo zinazoutambua, nazo humwaga katika damu kichocheo kiitwacho eritropoietini. Kichocheo hicho huuamuru uboho ulio ndani ya mifupa kutengeneza chembe nyekundu zaidi, zile zinazobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye misuli. Kazi hiyo huchukua majuma kadhaa, lakini ikikamilika, mtu huteremka mlimani akiwa na damu yenye uwezo mkubwa wa kuchukua mzigo kuliko ile aliyopanda nayo.

Dunia ya michezo ilianza kulitafakari sana jambo hili baada ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968, iliyofanyika katika mji wa Mexico, mita 2,240 juu ya bahari. Huko Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mbio za mita 1,500, mwenzake Naftali Temu akashinda mita 10,000, na Mamo Wolde wa Ethiopia akatwaa marathoni. Wote watatu walikuwa wenyeji wa nchi za juu. Tangu hapo, makocha wa nchi tambarare wakawa wanawapeleka wanariadha wao milimani wakitumaini kuvuna faida hiyo hiyo.

Walakini walikutana na kikwazo. Mkimbiaji aishiye juu hupata damu nzuri, lakini akifanya mazoezi huko huko juu hawezi kukimbia kwa kasi yake ya kawaida, maana misuli yake hainyweshwi oksijeni ya kutosha. Basi damu inaongezeka, huku miguu ikizoea mwendo wa polepole. Kile alichokipata usiku anakipoteza mchana.

Hapo ndipo barabara ile ya Utah ilipopata umuhimu wake. Wataalamu wawili, Benjamin Levine na James Stray-Gundersen, waliwachukua wakimbiaji 39, wanaume kwa wanawake, wakawagawa katika makundi matatu ya watu 13 kila moja. Kundi la kwanza liliishi Deer Valley na kufanya mazoezi huko huko juu. La pili liliishi Deer Valley, lakini lilishushwa Salt Lake City kufanya mazoezi. La tatu liliishi na kufanya mazoezi huko San Diego, karibu na bahari. Baada ya majuma manne wote walirudi chini wakapimwa.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1997 yanastahili kusomwa kwa makini. Makundi yote mawili yaliyolala mlimani yaliongeza chembe nyekundu kwa asilimia 9 hivi. Lakini katika mbio za mita 5,000, ni lile kundi lililolala juu na kukimbia chini pekee lililopunguza muda wake, kwa wastani wa sekunde 13.4. Sekunde hizo si haba: kwa mtu anayemaliza mbio hizo kwa dakika 16, ni sawa na kuwa mbele ya yeye yule wa jana kwa mita 70 hivi. Kumbe, damu peke yake haikutosha. Ilihitaji miguu iliyozoea kasi.

Sasa tuutazame mpaka wa faida hiyo. Kwanza, si kila mlima unafaa. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya jaribio jingine ambamo wakimbiaji 48 waliishi kwa majuma manne katika miinuko minne mbalimbali, huku wakifanya mazoezi pamoja. Walioishi mita 2,085 na mita 2,454 waliboresha mbio zao. Walioishi mita 1,780 hawakuziboresha, na walioishi mita 2,800 vile vile. Mlima mfupi haukuusumbua mwili vya kutosha. Mlima mrefu mno uliuchosha. Kwa kipimo hicho, klabu ya Dar es Salaam inayowapeleka vijana wake Arusha mjini, mita 1,400 hivi, isitarajie damu mpya kwa sababu ya mwinuko. Hata Nairobi haifiki. Iten, kule Kenya, yenye mita 2,400 hivi, imo ndani ya kipimo.

Pili, uboho hauwezi kufua chembe nyekundu bila madini ya chuma. Mwanariadha ambaye akiba yake ya chuma ni ndogo anaweza kukaa mlimani mwezi mzima na kurudi na damu ile ile aliyokwenda nayo. Ndiyo maana hapana budi kupima akiba hiyo hospitali kabla ya safari, wala si baada ya nauli kuteketea. Tena wapo wenye chuma tele ambao figo zao hutoa kichocheo kidogo tu, nao hawanufaiki sana. Kosa si lao. Ndivyo miili ilivyotofautiana.

Tatu, ipo shaka ambayo haifai kufichwa. Wakimbiaji wa Utah walijua wazi nani analala mlimani, na matumaini nayo huongeza mbio. Huko Prémanon, Ufaransa, waendesha baiskeli waliwekwa kwa majuma manne, saa 16 kila siku, katika vyumba ambavyo hewa yake iliweza kupunguzwa oksijeni mpaka ikafanana na ya mita 3,000. Wengine walipewa hewa ya kawaida, wala hakuna aliyeambiwa yuko kundi gani. Matokeo ya mwaka 2012 hayakuonyesha faida yoyote, si katika damu wala katika mwendo. Hewa ya vyumba si mlima wenyewe, lakini jaribio hilo linatuonya tusiuhesabu ushindi kabla ya kuupima.

Mwisho, ndugu msomaji, faida hiyo ni ya mkopo. Mwanariadha akisharudi pwani, figo huona oksijeni ni tele na kupunguza kichocheo. Chembe zilizoongezeka hupungua, na baada ya majuma machache damu huwa kama ya zamani. Kwa hiyo atakayepanda mlima ili ashinde, naianze hesabu yake kwenye tarehe ya shindano, ahesabu kurudi nyuma, ndipo akate tiketi.