Mistari miwili chini ya picha

Picha niliyoichapisha na kuibandika ukutani kwetu haina uzuri wa pekee. Inaonyesha mama aliyesimama mlangoni, kitenge kimefungwa kiunoni, na nyuma yake mbabula yenye makaa yanayokaribia kuzima. Mbele yake kuna kijana ambaye bado ana kofia kichwani. Chini ya picha kuna mistari miwili mifupi ya maandishi meupe. Imetoka katika filamu fupi ya wanafunzi, iliyopigwa Kinshasa kwa Kilingala, ambayo kikundi chetu cha watu wanne kilipewa kuiandikia sutitri za Kiswahili ili ionyeshwe hapa kwetu mashariki. Mistari hiyo miwili ilitubishanisha siku mbili nzima.

Katika sauti, mama anasema: « Ngonga nini oyo ozokota na ndako? » Kijana anajibu: « Mama, kitisa motema. Nayei. » Mwenzetu mmoja, anayejua Kilingala kuliko sisi sote kwa sababu amekulia Kinshasa, alileta tafsiri hii:

« Ni saa gani hii unayoingia ndani ya nyumba? »
« Mama, teremsha moyo. Nimekuja. »

Hakuna neno lililopotea. Ngonga ni saa, kokota ni kuingia, ndako ni nyumba, kokitisa ni kuteremsha, motema ni moyo. Katika mtihani wa msamiati angepata alama zote. Lakini alipoisoma mbele ya promosheni, mtu wa nyuma aliitikia, « Saa sita na nusu, Mama! » na ukumbi ukacheka. Cheko hilo lilitufundisha jambo. Mama wa filamu haulizi saa. Anayo saa, na amekaa akiitazama tangu jioni. Anagomba. Kwa Kilingala swali lake linasikika kama kugomba, lakini tafsiri ya neno kwa neno inalifanya liwe swali la mtu asiye na saa.

Mwenzetu alijitetea vizuri, na sipendi kulipuuza hoja lake. Alisema kwamba watazamaji wengi wa mashariki wanasikia Kilingala nusunusu kupitia muziki. Wakisikia motema na kusoma kitu kisicho na moyo, wataona kwamba tumewadanganya. Hapo hatukuweza kumjibu kwa maneno matupu, ikabidi tuanze kuhesabu.

Sutitri ina mipaka ambayo ukurasa wa kitabu hauna. Kipimo kinachotumika sana kwa lugha zinazoandikwa kwa alfabeti yetu ni mistari isiyozidi 2, kila mstari usipite herufi 42, na mtazamaji mtu mzima apewe herufi 17 hivi kwa kila sekunde. Katika hesabu hiyo nafasi na alama pia ni herufi. Watu wawili wakizungumza katika maandishi yaleyale, kila mmoja anapewa mstari wake na kistari mwanzoni. Kiswahili hapo kina taabu yake: kitenzi chetu hubeba mtendaji, wakati na mtendwa katika neno moja, na neno kama « unayoingia » peke yake linakula herufi 10 wala huwezi kulikata katikati.

Mazungumzo ya mama na mwanawe yanachukua sekunde 2,8. Zidisha kwa 17, unapata herufi 47. Ukiweka vistari, mstari wa kwanza wa mwenzetu una herufi 45, na tayari umepita kipimo cha mstari mmoja. Wa pili una 32. Jumla ni 77, yaani zaidi ya 27 kwa sekunde. Mtazamaji atakuwa bado kwenye « ndani ya nyumba » picha ikiwa imekwisha kubadilika, na uso wa mama, ambao ndio kiini cha sehemu hiyo, hatauona kabisa. Tulifikiri kuyaacha maandishi yakae kidogo baada ya sauti. Haikuwezekana: picha 6 tu baada ya neno la mwisho, yaani robo ya sekunde hivi, kamera inahamia kwenye mbabula. Na maandishi hayafai kuvuka mahali pa mkato.

Mstari wa mama ndio uliopatikana kwanza. Tulimwomba mmoja wetu asimame mlangoni, awe mama yake mwenyewe, na aseme bila kufikiri. Alisema, « Saa hizi ndiyo unarudi? » Herufi 25 pamoja na kistari. Nyumba imeondoka kwa sababu mlango tunauona. Kwa kweli, mdomoni alisema « njo », jinsi tunavyosema wengi wetu. Niliandika « ndiyo » kwa sababu watu wetu wamejifunza kusoma kwa maandishi ya shule. Mtu hutamka « njo » kila siku, lakini akiikuta imeandikwa jicho lake husita, na ndani ya sekunde 2,8 hakuna nafasi ya kusita.

Mstari wa kijana ulikuwa mgumu zaidi. « Teremsha moyo » si Kiswahili cha mtu yeyote. « Tulia » ni fupi, lakini mtoto hawezi kumwambia mama yake hivyo usiku ule akabaki na meno yote. Tukajaribu « Basi Mama, nimefika. » Herufi 22, jumla 47 kamili. Inasemeka na ina adabu. Tungeishia hapo kama filamu ingekuwa na sehemu hiyo tu. Lakini karibu na mwisho, kijana analia hospitalini, na ni mama anayemwambia, « Kitisa motema. » Maneno yamegeuka mdomo. Mtazamaji wa Kinshasa anayatambua mara moja. Ukiwa umeandika « basi » mlangoni, hospitalini hakuna kitakachomrudia mtazamaji wa Bukavu.

Kwa hiyo moyo ulipaswa kubaki, na mwenzetu alikuwa na haki kuhusu neno hilo. Kilichoondoka ni « Nayei ». Kijana amesimama mbele ya mama yake na kofia yake kichwani, kwa hiyo kila mwenye macho anajua kwamba amekuja. Faili ikawa hivi:

```
214
00:18:42,300 --> 00:18:45,100
- Saa hizi ndiyo unarudi?
- Tuliza moyo, Mama.
```

Herufi 45, kama 16 kwa sekunde. Na hospitalini: « Tuliza moyo, mwanangu. » Tulijaribu kwa njia rahisi. Tuliwaita watu watatu wasiosoma lugha, tukawaonyesha sehemu ya mlangoni, kisha tukawauliza mama alikuwa amevaa nini. Wote walitaja kitenge, wawili wakataja machozi. Wangekuwa wanapigana na maandishi, wasingeyaona machozi.

Mahali pamoja bado hatujaridhika napo. Dakika ya 21 mama anaacha Kilingala na kumsemesha mwanawe kwa Kifaransa, tena kwa wingi, kama mtu anavyomsemesha mgeni wa ofisini. Kila aliyekulia Kongo anajua hasira ya mzazi inapofika huko. Kiswahili chetu hakina kitenzi cha namna hiyo: « mmemaliza? » ingemfanya mtazamaji atafute mtu wa pili chumbani. Kwa sasa tumeandika « Bwana mkubwa amemaliza? » Ubaridi wa mama umo humo, lakini kwamba amehama lugha hausikiki isipokuwa kwa masikio.