Kitufe cha kutuma pesa kisidanganye mtu

Wasee wengi wanajua Rive kwa zile maskoti zinafunika macho ukiandika pasiwadi. Ni poa. Lakini mimi, kama mtu aliacha kampo na sasa analipa rent na hizi vitu, naona kitufe cha kutuma pesa ndicho mtihani wenyewe. Kikikwama, mtu anabonyeza tena, na doh inaweza kutoka mara mbili.

Chukua faili moja niliitwa kurekebisha, ya apu ya chama. State Machine yake ilikuwa na hali nne: `Idle`, `Loading`, `Success` na `Fail`. Ukibonyeza, Boolean moja inawashwa na kitufe kinageuka duara la kuzunguka. Seva ikijibu, programa anafyatua Trigger inaitwa `imefika`, tiki ya kijani inatokea.

Kioja ni kwamba iliwakwamia wenye intaneti ya kasi. Wale wa bando ya kujikokota waliona tiki yao bila shida.

Ona vile inaenda. Mpito wa kutoka `Idle` kwenda `Loading` ulikuwa wa milisekunde 400. Kwa waifai kali, jibu lilirudi kwa kama 150. Mashine ikiwa katikati ya mpito, kwa kawaida haianzi mwingine mpaka huo uishe. Na Trigger haingojangi mtu: inasomwa mara hiyo moja, halafu inajizima. Ni kama konda kugonga mabati mara moja wakati dere ameongeza ngoma. Mpito ukiisha, mashine inafika `Loading`, inaangalia, haioni kitu, inazunguka milele. Kuunganisha kutoka `Any State` hakusaidii, kwa sababu nayo inasubiri mpito uishe.

Dawa ni kutumia Number badala ya Trigger. Iite `hali`: 0 ni kutulia, 1 inatuma, 2 imefika, 3 imekataa. Namba haipotei. Jibu likija mapema, 2 inakaa pale pale, na mashine ikimaliza mpito inaikuta. Upande wa wavuti ni hivi:

```js
const i = r.stateMachineInputs("Tuma");
i.find(x => x.name === "hali").value = 2;
```

Usisahau kurudisha 0 kabla ya mtu kutuma tena, na uweke mpito wa `Success` kurudi `Idle` namba ikiwa 0. Bila huo mpito, tiki ya jana itabaki hapo kwa malipo ya leo, na huo ni uongo mbaya kuliko kukwama.

Kujaribu ni rahisi. Cheza mashine ndani ya Rive, weka 1, kisha 2 haraka vile kidole kinaweza. Kama hauna kidole cha haraka, refusha mpito ufike sekunde mbili kwa muda, ndio upate nafasi.

Trigger zangu sasa nimeziachia maskoti. Ukimgusa kasuku akakosa kukonyeza jicho, hakuna mtu amepoteza pesa.