Barua Iliyokwisha Kutolewa

Wiki hii tunaeleza kosa letu wenyewe, kwani huenda likamfaa aliyefikwa na mfano wake.

Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2024, tulimkabidhi mkuu wa shule barua ya mistari mitatu ya kuacha kazi. Tulikuwa tumesomesha dini katika shule hiyo ya binafsi, hapa kisiwani Mombasa, kwa miaka 17. Sababu ilikuwa ratiba: vipindi vyetu vilihamishwa hadi mwisho wa siku, vikagongana na darasa letu la msikitini, na hatukuulizwa. Tulirudi nyumbani kwa njia ya Ndia Kuu, kichwa juu, tukijiona tumeilinda heshima yetu.

Usiku ule mama watoto hakutulaumu. Aliuliza neno moja tu: “Na bima ya matibabu inakwisha lini?” Yeye ana presha, na dawa zake za kila mwezi hulipwa na bima ile ya kazini. Binti yetu naye alikuwa mwaka wa pili chuoni. Hatukuwa na jibu.

Jumatano tulimwendea naibu wa mkuu, tukamwambia kwa mdomo: “Ile barua ichukulieni kama haikuandikwa.” Alitabasamu, akasema atalifikisha. Tukadhani yamekwisha. Alhamisi tukaona kwenye ubao wa chumba cha walimu tangazo la kutafutwa mwalimu wa dini.

Baada ya Isha tulimwendea mwanafunzi wetu wa zamani ambaye sasa ni wakili. Alitukaribisha barazani kwake Kibokoni, akatupa mkono wa adabu, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Maalim, uniwie radhi. Umeifanya barua yako kama talaka rejea, nayo sivyo ilivyo.”

Maneno hayo yalitufungua macho. Katika talaka rejea, mume aliyetamka ndiye mwenye haki ya kumrejea mkewe maadamu eda haijakwisha, bila ndoa mpya. Kazi si hivyo. Mahakama zetu za ajira hapa Kenya huhesabu kujiuzulu kuwa tendo la upande mmoja: mfanyakazi akishatoa notisi yake ikapokewa, haihitaji kukubaliwa ili ifanye kazi, wala hawezi kuirudisha peke yake. Lazima mwajiri aridhie. Mfano wake katika fiqhi ni ule wa ikala, pale mmoja anapojuta baada ya mauziano kutimia. Hawezi kuyavunja ila mwenziwe akubali.

Lakini muda wa notisi unafanana na eda kwa jambo moja: kifungo cha kazi bado kipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka siku 28 kwa anayelipwa kila mwezi, isipokuwa mkataba umeweka muda mrefu zaidi. Wetu ulisema mwezi mmoja, hivyo siku yetu ya mwisho ilikuwa tarehe 8 Oktoba. Kabla ya siku hiyo, mwajiri akiridhia, kazi inaendelea ile ile. Baada yake hakuna cha kurudisha. Huombwa kazi mpya, na miaka 17 inaweza kuanza kuhesabiwa tena kutoka moja. Na hata ndani ya mwezi ule, kila siku ina uzito wake, kwani mwajiri akishampa mtu mwingine barua ya kuajiriwa, mkono wake umefungwa.

Wakili alitukataza mambo mawili. La kwanza, kutegemea maneno ya mdomo, kwa kuwa lililoandikwa huondolewa kwa maandishi. La pili, kuingiza malalamiko ya ratiba katika barua ya kuomba kurudi. “Ukiyachanganya,” alisema, “atakayesoma ataona unaweka masharti.” Tuliandika hivi, tukaielekeza kwa mkuu yule yule aliyepokea ya kwanza:

“Narejelea barua yangu ya tarehe 9 Septemba 2024 ya kuacha kazi. Niliiandika kwa haraka, na uamuzi ule naujutia. Naomba kwa heshima uniruhusu kuiondoa, na niendelee na kazi kwa masharti yale yale bila kukatika kwa utumishi wangu. Natambua kuwa kukubali ni hiari yako. Kama kuna gharama au usumbufu uliokwisha kutokea, niko tayari kuzungumza. Nitashukuru kupata jibu la maandishi kabla ya tarehe 20 Septemba, na hadi hapo nitaendelea kufundisha vipindi vyangu vyote.”

Maneno “bila kukatika kwa utumishi” ndiyo yanayolinda miaka iliyopita na bima. Kukiri kuwa hiari ni ya mwajiri kunamwondolea hofu kwamba unamlazimisha. Tarehe ya jibu nayo inakuachia nafasi ya kutafuta kwingine akikataa.

Hata hivyo, barua hii haimfai kila mtu. Aliyeandika kuacha kazi kwa kutishwa, au kwa kufanyiwa maisha ya kazini kuwa hayavumiliki, asiandike kwamba uamuzi ulikuwa wake na anaujutia. Hilo lake laweza kuwa dai la kuachishwa kazi, na maneno ya majuto yatamharibia. Huyo atangulie kwa wakili.

Ijumaa asubuhi tulipeleka nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokewa, tukaondoka nayo. Jumatatu tuliitwa. Mkuu aliuliza swali tulilostahili: “Ratiba ikibadilika tena, utaandika tena?” Tulimjibu kwamba safari ijayo tutakuja kuzungumza kabla ya kushika kalamu. Hakusema ndiyo wala la.

Jibu lilikuja Alhamisi, tarehe 19. Tulilisoma kwa kutafuta mambo matatu: kwamba barua ya kwanza imeondolewa, kwamba utumishi haukukatika, na kwamba mshahara na bima ni vile vile. Yote yalikuwamo. Lakini lilikuwapo na la nne: uongozi wa idara, tulioushika kwa miaka 6, ulikuwa umekwisha kupewa mwalimu kijana, na haungerudishwa. Marupurupu yake madogo yakaenda nao. Tulitia saini. Vipindi vya mwisho wa siku vilibaki pale pale, na darasa la msikitini tukalihamishia baada ya Maghrib.

Lau tungekataliwa, tusingekuwa na pa kumshitaki mkuu kwa kukataa tu. Tungebaki na haki za anayeondoka: mshahara hadi siku ya mwisho, malipo ya siku za likizo zisizotumika, na cheti cha utumishi. Na kama mkuu angetwambia tuondoke siku ile ile, sheria ingemtaka atulipe siku za notisi zilizobaki, ila tuwe tumekubaliana vingine.

Kwenu akina mama wenye maduka, ushoni na majiko ya biashara, mnaoajiri watu: Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa anayemkubalia Mwislamu aliyejuta baada ya mauziano, Mwenyezi Mungu humsamehe kuteleza kwake. Hamlazimiki kumrudisha aliyeondoka. Lakini akija na karatasi yake mkononi kabla siku hazijakwisha, msomeni kwanza kabla ya kutundika tangazo.

Sisi ile nakala yenye muhuri tumeiweka ndani ya droo ya meza ya kuandikia. Kila tunapoifungua kutafuta kalamu, huanza kuonekana yenyewe.

Wabillahi taufiki.