Beti Saba za Kicheni Pati

Ukisoma ualimu wa Kiswahili, familia nzima inajua kazi ya kukupa. Harusi ikikaribia utaambiwa, "Wewe si unasomea Kiswahili? Tuandikie shairi." Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliolewa mwaka huu, nami nikapewa shairi la kicheni pati. Shangazi, mwenyekiti wa kamati, alinipa masharti mawili: liwe fupi, na watu wacheke. Siku ya pili akaongeza la tatu. "Usisahau kumwambia avumilie. Ya ndani yabaki ndani, hata mwanaume akirusha mkono." Hilo la tatu ndilo lililoninyima usingizi.

Nianze na hayo mawili. Ukumbini shairi linasomwa baada ya watu kula na kabla ya zawadi, wakati kila mtu amekaa na sufuria yake iliyofungwa kwa karatasi inayong'aa, anasubiri dijei amfungulie wimbo aingie akicheza. Ukipitiliza, watu wanaanza kupiga stori. Kwa hiyo nilijipangia beti saba, tarbia ya kawaida: mishororo minne, kila mmoja mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule. Si kwa ajili ya kujionyesha. Shairi la mizani sawa linaghanika, na linaloghanika linaitikiwa. Ukitoa kibwagizo mara mbili tu, kuanzia ubeti wa tatu ukumbi mzima unakisema pamoja nawe.

Kwa hiyo kibwagizo nilikitafuta kabla ya kitu kingine. Kilitakiwa kitoke jikoni, kichekeshe, na kibebe ushauri wote hata kama mtu hakusikia mengine. Nikaangukia hiki:

Ndoa ni kama chapati, geuza kwa wakatiwe.

"Wakatiwe" ni "wakati wake" uliofupishwa ili mizani ibaki nane. Na chapati kila mwanamke pale anaijua. Ukiigeuza mapema inabaki mbichi, ukichelewa inaungua, na chuma kikiwa cha moto sana inaungua nje huku ndani mbichi. Ushauri wa ndoa ndivyo ulivyo. "Nyamaza" ni ushauri mzuri kwa dakika kumi na ni ushauri mbaya kwa miaka kumi. "Sema" nao ni mzuri asubuhi, ila saa nane usiku ni balaa.

Beti za utani ziliandikika haraka. Huu ni wa kukoroma:

Usiku akikoroma, kama lori la mchanga,
Mguse pole kwa nyuma, usije ukamgonga,
Kukicha ukilisema, cheka naye, si kuchonga,
Ndoa ni kama chapati, geuza kwa wakatiwe.

Wa mama mkwe ulihitaji uangalifu, maana mama mkwe mwenyewe angekuwa meza ya mbele. Utani ukimdhalilisha mtu aliyepo, hata wenye kucheka watacheka huku wanamtazama, na bibi harusi ndiye atakayelipa deni baadaye. Nikaona afadhali mama mkwe awe mshindi wa ubeti wake:

Na mama mkwe akija, mchuzi akauhoji,
Usimjibu kwa hoja, mpe kijiko na maji,
Umwambie: moja moja, nionyeshe upikaji,
Ndoa ni kama chapati, geuza kwa wakatiwe.

Siku ya siku alicheka kuliko wote, akasimama kabisa akaomba kijiko.

Sasa lile sharti la tatu. Mashairi ya kumuusia binti anayeolewa hayakuanza na kicheni pati. Mwana Kupona binti Msham, wa pwani ya kaskazini ya Kenya, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa namna hiyo mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa. Tunausoma darasani, na kila mwaka kunazuka ubishi, kwa sababu usia wake unasisitiza sana kumridhisha mume. Mimi huwa namtetea kwa kitu kimoja: alikuwa mama anayejua hatakuwepo, akampa mtoto wake silaha alizokuwa nazo kwa zama zake. Lakini dada yangu anaolewa zama hizi, na silaha nyingine zipo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inaruhusu. Ni sheria ya miaka zaidi ya hamsini, imewatangulia wengi wa waliokuwa wanaleta masufuria.

Nilimsomea shangazi kifungu hicho jikoni kwake. Akaendelea kuchambua mchele. "Utamtia jeuri mtoto," akasema. "Ndoa changa ina maneno mengi. Akikimbia kila neno, atakaa kwa nani?" Na hapo, jamani, shangazi alikuwa na hoja. Hakuwa anatetea kipigo. Alikuwa anaogopa ndoa inayovunjika kwa sababu ya mtu kununa siku mbili. Tatizo lilikuwa kwamba neno "vumilia" lilikuwa linabeba mambo mawili kwa pamoja, kununa na kupigwa, kana kwamba ni mzigo mmoja. Kazi ya ubeti ikawa kuyatenganisha:

Maneno yakiwa moto, ngoja kwanza yatapoa,
Kununa ni kwa watoto, ninyi ni watu wa ndoa,
Lakini kofi na fito, njoo nyumbani, si doa,
Ndoa ni kama chapati, geuza kwa wakatiwe.

Mishororo miwili ya kwanza ni ya shangazi. Wa tatu ni wangu. Nilipomsomea alirudia "si doa" kimyakimya, kisha akauliza, "Na akija kweli, atalala wapi?" Mama mkubwa, aliyekuwa anaosha vyombo muda wote huo, akajibu bila kugeuka: "Chumba chake kipo."

Jibu lile ndilo lililoukamilisha ubeti, ingawa halimo ndani yake. Kumwambia bibi harusi "njoo nyumbani" ni rahisi. Mwenye mlango lazima awe amekubali kwanza. Ndiyo maana sikutaka kuusoma peke yangu. Mimi ni mdogo wake, sina chumba cha kumpa. Nilimwomba shangazi ausome yeye ubeti huo wa sita, mimi nisome mingine.

Akausoma. Mshororo wa tatu haukupata kicheko, na sikutegemea upate. Ulipata ukimya mfupi, halafu kibwagizo kikaitikiwa na ukumbi mzima, mama mkwe akiwemo, kwa sauti kubwa kuliko mara zote tano zilizotangulia. Ubeti wa saba ulikuwa wa utani tena, wa mume anayetafuta soksi alizozivaa, ili watu waende kwenye zawadi wakiwa wachangamfu. Usifunge shairi la kicheni pati kwa jambo zito. Bibi harusi ana saa mbili nyingine za kutabasamu.

Wakati wa kutoka, mwanamke mmoja mwenye sare ya kamati, ambaye ameolewa zamani na simjui vizuri, alinivuta pembeni. Nilidhani anataka shairi lote amsomee mtu wake. Akasema, "Nitumie ule wa sita tu." Nikamwandikia pale pale kwenye simu yake. Aliusoma mara moja, akaiweka simu kwenye mkoba, akaufunga zipu.