Zawadi za nyumbani zinazopita forodha Ulaya

Je, msomaji, umepata kumwona mama mzee akisimamishwa kwenye kiwanja cha ndege ugenini, kibuyu chake cha maziwa na nyama yake ya kukausha vikatolewa begini na kutupwa mbele ya macho yake? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi hatujazoea kumwendea mtu mikono mitupu. Taabu ni kwamba forodha haitazami mapenzi ya mwenye zawadi. Hutazama kilichomo begini.

Hebu tuchukue safari moja iliyo ya kawaida kwa jamaa zetu wa Pwani. Tuseme mama mmoja wa Likoni anakwenda Frankfurt, Ujerumani, kumtazama bintiye aliyejifungua. Binti amempigia simu na kumtajia mambo anayoyatamani: nyirinyiri, samli, maembe, nazi, samaki mkavu, asali, unga wa ugali na halua. Kati ya hayo manane, matatu hayataingia. Ujerumani imo katika Umoja wa Ulaya, na sheria hizi ni mamoja kwa nchi zote za umoja huo.

La kwanza kutolewa ni nyirinyiri. Nyama ya aina yoyote kutoka Kenya hairuhusiwi katika begi la abiria, iwe mbichi, ya kukausha, ya kukaanga au iliyofichwa ndani ya sambusa. Samli nayo huingia katika fungu la maziwa, pamoja na mursik na jibini, na yote hayo ni marufuku. Sababu si usafi wa jiko lako. Ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe upo kwetu, na kirusi chake huweza kusafiri ndani ya nyama na maziwa. Mnamo Januari 2025 ugonjwa huo ulizuka katika jimbo la Brandenburg, huko huko Ujerumani, mara ya kwanza tangu 1988. Basi usishangae afisa akikataa hata kipande kimoja.

Matunda yana sheria nyingine. Tangu Desemba 2019, matunda na mboga mbichi zinazoingia Ulaya ni lazima ziwe na cheti cha afya ya mimea, ambacho hapa kwetu hutolewa na KEPHIS baada ya ukaguzi. Yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian, lile doriani lenye harufu kali. Maembe hayamo. Nzi wa matunda hutaga mayai ndani ya embe, nawe ukilitazama kwa nje waliona zima kabisa. Kwa ajili ya nzi huyo Kenya yenyewe ilisimamisha kuuza maembe Ulaya mwaka 2014, na biashara hiyo ikarudi 2021. Mama wa Likoni na ayaache maembe, achukue nazi.

Lakini angalia ni nazi gani. Nazi nzima iliyofuliwa, yenye maji ndani, haina neno. Mbata, yaani nazi iliyokaushwa kwa jua, ni jambo jingine. Ina mafuta mengi na huweza kupata joto yenyewe hata ikawaka, kwa hivyo katika safari za ndege huhesabiwa kuwa shehena ya hatari. Usiitie begini.

Samaki ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko vyote. Abiria mmoja anaruhusiwa hadi kilo 20, na samaki mkavu au wa kupaka moshi anakubalika. Akiwa mbichi, sharti awe ametolewa matumbo. Hapa Pwani tujihadhari na papa. Aina nyingi za papa zimo katika mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama walio hatarini, na afisa hawezi kukitambua kipande cha ng'onda ni cha papa gani. Omena, au changu aliyekaushwa, hawaleti swali hilo.

Asali imewekewa kilo 2 kwa kila abiria. Kumbuka asali ni nzito kuliko maji: chupa ya nusu lita hufikia gramu 700 hivi. Chupa mbili zitapita. Ya tatu itakupitisha kipimo. Unga wa mahindi haumo katika sheria za nyama wala za matunda mabichi, nayo halua, kashata na visheti huhesabiwa kuwa vitu vitamu na hupita, maadamu havina nyama.

Sasa tufunge mzigo. Anza na samaki siku mbili kabla ya safari. Mwanike tena juani siku nzima, kisha jaribu kumvunja. Akivunjika kwa mlio, amekauka. Akipinda bado ana maji, na atavunda njiani. Mfunge kwa magazeti mapya, umtie katika ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, kisha zungushia utepe wa gundi ukingoni. Usitegemee mifuko ya plastiki ya kubebea, kwani hapa Kenya imepigwa marufuku tangu Agosti 2017. Ndoo huzuia harufu vizuri zaidi, na bintiye ataitumia baadaye.

Unga uache katika pakiti yake ya dukani, yenye maandishi. Unga mweupe usio na jina, uliofungwa kitambaani, utakuchelewesha bure. Itie kila pakiti ndani ya foronya, ili ikipasuka nguo zisiharibike.

Asali huhitaji uangalifu zaidi. Ndege ikiwa juu, hewa ndani yake huwa nyepesi kama ile ya mlima wa mita 2,000 au zaidi. Hewa iliyofungiwa chupani kule Likoni, usawa wa bahari, hutanuka na kusukuma asali nje kupitia kifuniko. Kwa hivyo chupa isiwe ya kioo, wala usiijaze hadi mdomoni. Acha nafasi ya vidole viwili. Funga kifuniko, zungushia utepe, kisha igeuze juu chini usiku kucha. Ikiwa kavu asubuhi, iko tayari. Iviringishe katika taulo uiweke katikati ya begi.

Asali, na halua pia, viende katika begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege. Katika mkoba wa mkononi, viwanja vingi havikubali chombo cha kitu cha majimaji kinachozidi mililita 100. Nazi ziweke chini karibu na magurudumu ya begi, kila moja ikiwa imefungwa kwa leso, zisije zikaponda vingine.

Mizani isisahaulike. Begi likiruhusiwa kilo 23, unga pakiti mbili ni kilo 4, nazi sita kama kilo 4, samaki na ndoo yake kilo 3, asali kilo moja na nusu, halua kilo 2. Jumla ni kilo 14 na nusu. Ukiongeza begi lenyewe, kama kilo 4, zinabaki kilo 4 na nusu za nguo na leso za mzazi.

Mwishowe, pale Frankfurt kuna njia mbili za kutokea: ya kijani kwa asiye na cha kutangaza, na nyekundu kwa aliye nacho. Ukiwa na shaka na kitu chochote, pita nyekundu na ukitaje mwenyewe. Kisichoruhusiwa kitachukuliwa. Ukikutwa nacho umekificha upande wa kijani, kitachukuliwa vilevile, na unaweza kutozwa faini juu yake.