Matuta ya Nyuma ya Nyumba

Kiwanja cha nyuma ya nyumba yetu, hapa Katandala, Sumbawanga, kina hatua ishirini kwa ishirini. Enzi za mama kilikuwa cha mahindi tu, kama viwanja vya majirani wote. Alipanda mvua zikishika Novemba na kuvuna Juni au Julai, kwa kuwa huku Ufipa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, baridi huyachelewesha mahindi kukomaa. Likitoka gunia moja na nusu alishukuru. Lakini huo ndio msimu ambao Rukwa yote ina mahindi na bei iko chini. Baada ya hapo ardhi ilikaa tupu mpaka mvua nyingine.

Kiwanja kiliponiangukia mimi, mshahara wa ualimu haukuwa unafika mwisho wa mwezi. Nilichokiona sokoni ni kwamba kuanzia Julai majani ya maboga yamekwisha, mboga za porini zimekauka, na nyumba yenye ugali na mgebuka wa Ziwa Tanganyika bado inataka kitu cha kijani kando ya sahani. Kisima tulikuwa nacho. Nikaanza na mchicha, kwa sababu ndiyo mboga inayorudisha hela upesi: wakati wa joto unang'olewa wiki ya nne au ya tano.

Tuta nilipima upana wa mita moja, mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo, na urefu wa mita kumi. Chini nilifukia nyasi, kama mama alivyofukia majani kwenye ntumba zake za maharage, kisha madebe matatu ya samadi iliyooza vizuri. Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Nilizichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane, nikazimwaga kwenye mistari na kuzifunika kwa udongo kidogo sana.

Mwanzoni nilipanda kiwanja kizima kwa mara moja, kama mahindi, na mboga zote zikawa tayari wiki moja. Mama mmoja wa sokoni ndiye aliyenibadilisha. "Mwalimu, mchicha wako mzuri," aliniambia, "lakini mimi nina wateja kila wiki. Ukinipa leo ukaninyima Jumanne ijayo, watanihama." Tangu hapo nina matuta manane, na kila wiki nasia moja tu. Likivunwa la kwanza, la mwisho ndiyo kwanza linaota. Yeye hununua tuta zima, anang'oa mwenyewe alfajiri na kufunga mafungu yake. Kwa fungu ningepata zaidi, kweli, ila mboga ikinyauka hasara ni yake, nami saa moja na nusu niko darasani. Kwa mtu mwenye kazi nyingine naona hiyo ndiyo biashara inayowezekana.

Ratiba hiyo huvunjwa na Juni. Mchicha unapenda joto; baridi ya Ufipa ikiingia husimama pale pale, majani madogo, na tuta la wiki tano huchukua saba au nane. Ndipo nilipohamia chainizi, ambayo baridi huivumilia. Husiwa kitaluni, baada ya wiki nne huhamishwa, mche hadi mche sentimita 30, na mwezi mmoja baadaye unaanza kuchuma majani ya nje huku moyo ukiendelea kutoa mengine.

Nayo ina lake. Miche ikipigwa na baridi kali ikiwa bado michanga, hukimbilia kutoa maua. Dalili huonekana kabla ya ua lenyewe: shina la katikati linanyanyuka, na majani mapya yanakuwa membamba yenye ncha. Ukiona hivyo usisubiri, maana siku chache tu majani yanakuwa magumu. Ng'oa mche mzima, uuze ungali laini. Dawa yake ni tarehe. Sasa kitalu nakisia mapema Aprili, ili Juni iikute miche imeshika mizizi na majani yamejaa.

Mvua zikianza mambo hugeuka. Mchicha huota hata kando ya njia, kila nyumba ina mboga yake, na yule mama hupunguza oda. Kumwagilia kumekwisha, lakini soko nalo limekwisha. Kwa hiyo miezi hiyo nabaki na matuta mawili tu, yaliyoinuliwa zaidi ili maji yasituame mizizi ikaoza. Sita yaliyobaki Februari nayapanda maharage, ambayo Mei yanatoka na kuiachia chainizi ya kitaluni nafasi yake.