Yeye ni Mwislamu, Wewe Umeokoka, na Mnapendana

Leo naandika juu ya jambo ambalo wengi wenu mnaniandikia usiku wa manane, lakini Jumapili baada ya ibada mnanisalimia tu na kupita. Mmekutana na mtu kwenye apu ya kutafuta mchumba. Ana adabu, ana kazi, akisema atapiga simu anapiga. Na dini yake si yako. Ulijua tangu siku ya kwanza, maana iliandikwa pale chini ya picha yake. Sasa ni miezi mitatu, mnapendana, na neno dini hakuna anayeligusa.

Msimamo wangu unaujua. Nimehubiri 2 Wakorintho 6:14 mara nyingi, habari ya nira, na sijabadilika. Lakini andiko hilo halijawahi kukuambia umwambie nini mtu aliyeketi mbele yako na unayempenda. Hapo ndipo wengi mnatoroka.

Nianze na kosa langu. Miaka iliyopita kijana wa kanisa alinijia akiwa amependa msichana wa dini nyingine. Nilimwambia asimtishe na mambo ya imani mapema. Amlete ibadani kwanza, Roho atafanya kazi. Msichana akaja, akainua mkono, akabatizwa, nikawafungisha ndoa. Baada ya mtoto wa kwanza alikaa ofisini mwangu akilia. Alikuwa bado anaomba sala za nyumbani kwao, chumbani, mlango umefungwa. Alikubali ubatizo kwa sababu aliogopa kumpoteza kijana. Akaniambia, "Pasta, hakuna aliyeniuliza." Na kweli hakuna. Mimi nilikuwa nimeshamhesabu kati ya waliookoka mwaka ule.

Kwa hiyo dada mmoja alipokuja mwaka jana na habari ya kijana Mwislamu kutoka Pwani, sikumwambia amlete kanisani. Nilimuuliza swali moja: "Binti yangu, unatarajia nini kwake ambacho hujamwambia?" Alinyamaza sana. Kisha akasema anaomba kila usiku ili aokoke. Nikamuuliza kama kijana anajua kwamba anaombewa hivyo. Hajui. Nikamwambia aanze na hilo, na asiulize swali lile la kila mtu, kwamba dini itatutenganisha kweli? Swali hilo jibu lake ni "hapana, mpenzi," na hakuna aliyejifunza kitu.

Walikutana Jumamosi asubuhi, hotelini, chai na mahamri. Si Ijumaa mchana wala Jumapili, ili asiwepo wa kutazama saa. Na si kwa meseji. Kwa meseji mtu hujibu kile kinachopendeza, halafu anaweka kikopa.

Alimwambia hivi, kama alivyonisimulia: "Nakupenda, na nimekuwa nikitumaini utaokoka. Nimekuficha hilo. Ukibaki Mwislamu maisha yako yote, sijui kama naweza kuwa mke wako." Kijana hakukasirika. Alicheka kidogo, kisha akasema yeye naye alikuwa akitumaini kwamba akishazoea familia yake atasilimu mwenyewe, bila kulazimishwa. Umeona? Watu wawili waaminifu, kila mmoja amechumbia mtu ambaye hayupo bado.

Halafu wakaingia kwenye mambo yenyewe. Aliuliza kuhusu watoto, na hakuishia kwa "tutawalea vizuri." Aliuliza mtoto atapewa jina na nani, ataenda madrasa au Sunday school, na siku akiuliza Yesu ni nani, nani atamjibu. Kijana alimwambia waziwazi kwamba katika mafundisho aliyolelewa nayo, mwanamume Mwislamu anaruhusiwa kuoa Mkristo bila mke kusilimu, lakini watoto hufuata dini ya baba. Hilo kwake halikuwa la kujadiliwa. Dada alikuwa amefikiri watoto watachagua wakikua.

Waliulizana pia ni ndoa ya aina gani. Hapa wengi wenu hamjui sheria. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua aina 5 za ndoa: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Sehemu ya ndoa ya Kiislamu ni ya wale wanaokiri Uislamu. Ndoa ya kiserikali hufungwa mbele ya msajili, na ilani hutolewa si chini ya siku 21 kabla. Hiyo ni ya mume mmoja na mke mmoja, lakini ndoa ya Kiislamu inahesabiwa kuwa inaweza kuwa na mke mwingine. Kwa hiyo ukiuliza "tutaoana wapi?" umeuliza pia "je, nitakuwa peke yangu?" Dada aliuliza. Kijana akasema hana nia ya mke wa pili, ila mbele ya wazee wa kwao hawezi kuapa hivyo. Mimi naliheshimu jibu hilo. Angeweza kudanganya.

Na ni yeye aliyetaja jambo ambalo dada hakuwahi kulifikiria: akifa akiwa Mwislamu, mali yake hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na kwa mafundisho ya wanazuoni walio wengi, mke asiye Mwislamu si mrithi. Angeweza kumwachia kitu kwa wasia, kisichozidi thuluthi. Alimwambia ili asije akayajua akiwa mjane.

Walikubaliana kukaa wiki mbili bila simu, kila mtu aombe kwa imani yake na kuzungumza na mama yake. Baada ya hapo wakaachana. Dada alikuja kuniambia, na sikuwa na neno zuri la kumpa. Alisema, "Pasta, hakuna kijana wa hapa kanisani aliyewahi kuniambia ukweli kama yeye." Ndugu zangu vijana, someni sentensi hiyo tena.

Wengine mtaniletea habari ya Ruthu. Ruthu alitamka maneno yake makuu kwa mama mkwe, mume akiwa kaburini tayari. Hakuyatamka ili aolewe. Na 1 Wakorintho 7 Paulo anazungumza na aliyekwisha kuwa ndani ya ndoa. Asiachwe, mwenzake akikubali kukaa. Haikuandikwa kumpa ruhusa aliye bado kwenye apu.

Kama ni wewe kijana wa kiume, na uliyempenda ni binti Mwislamu, swali lako ni zito zaidi. Kwa mafundisho yao haolewi na asiye Mwislamu, kwa hiyo familia yake itakutaka usilimu. Usije ukasema ndiyo kwa mdomo ukijiambia moyoni kwamba Mungu anajua. Wazee wale wanakupa binti yao kwa neno hilo, na yeye atalala karibu na uongo huo kila usiku.

Na mwenzako akikwambia dini zote ni moja, usifurahi haraka. Muulize mwezi wa Ramadhani unapikwaje kwao, na Jumapili asubuhi anakuona wapi. Akisita, umepata pa kuanzia mazungumzo.

Niko ofisini Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana. Ukitaka kuja na mwenzako, mwambie kabisa kwamba mimi ni pasta na nina msimamo wangu, asije akadhani ameitwa chai tu. Nitamsikiliza. Sitamwombea kwa nguvu bila ruhusa yake.